Chakula cha Mtoto Mchanga (Sehemu ya Pili): Uji Mwepesi Unapogombea Nafasi na Maziwa

Katika sehemu ya kwanza tulikaa na miezi sita ya mwanzo, ambayo kwa mtoto anayenyonya haina hesabu ndefu. Ni maziwa ya mama pekee, usiku na mchana, bila hata tone la maji, hata kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili. Mtoto wa mwezi mmoja hunyonya kwa wastani mililita 750 hadi 800 kwa siku, na wa miezi mitano hunyonya karibu kiasi hicho hicho. Kwa anayelishwa maziwa ya kopo tulitumia kipimo cha mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo wa kilo 5 anahitaji mililita 750, zikigawanywa mara sita au saba.

Leo tunaingia mwezi wa saba, ambapo sufuria inaingia nyumbani na mambo yanachanganyika.

Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji nishati ya kama kilokalori 600 kwa siku. Maziwa ya mama, akiendelea kunyonya vizuri, yanampa kama 400. Pengo ni 200, na ndilo kazi ya chakula. Maziwa hayajaharibika wala hayajageuka maji, kama wanavyosema baadhi ya majirani. Ni mtoto aliyekua. Pamoja na pengo hilo kuna la madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha katika umri huu, na maziwa ya mama yana chuma kidogo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema tuanze na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kwa mlo, milo miwili au mitatu kwa siku, kisha tuongeze polepole mpaka nusu kikombe cha mililita 250. Asiye na kikombe cha kipimo achukue chupa ya maji ya nusu lita: robo yake ndiyo nusu kikombe inayotajwa hapa. Wazazi wengi wanakijua kiasi hiki, maana wameambiwa kliniki. Wasichoambiwa kwa mkazo wa kutosha ni uzito wa kilichomo ndani ya hiyo nusu kikombe.

Nichukue mfano wa mtoto mmoja wa Mbagala, binti wa miezi saba. Kadi yake ya kliniki ilionyesha kilo 7, na kwa mwezi mzima alikuwa ameongeza gramu 100 tu, wakati wa umri wake kwa kawaida huongeza kama 300. Mstari kwenye kadi ulianza kulala. Mama yake alikuwa amerudi dukani kwake Kariakoo, na mchana mtoto alibaki na dada wa nyumbani. Hakuwa mgonjwa, hakuharisha, na alikula bila kusumbua. Dada alisema kwa fahari kwamba mtoto anamaliza uji wote.

Nikamwomba aupike mbele yetu. Alichukua maji nusu lita, akakoroga ndani vijiko viwili vya chakula vya unga wa lishe, akachemsha. Uji ulikuwa mwepesi kiasi cha kumiminika kwenye chuchu ya chupa, na humo ndimo ulimoishia. Mtoto aliunywa mara tatu kwa siku, kila mara kama mililita 150.

Hesabu yake ni hii. Vijiko viwili vya unga, vilivyosawazishwa, ni karibu gramu 20, na gramu 20 za unga wa nafaka zina kama kilokalori 70. Mtoto akinywa mililita 450 za uji ule, anapata kilokalori 63 au 64. Pengo lake ni 200. Uji ule haukuziba hata theluthi.

La pili ndilo baya zaidi. Tumbo la mtoto hubeba kwa mlo mmoja takriban mililita 30 kwa kila kilo yake, kwa hiyo la binti huyu lilichukua kama mililita 210. Akinywa 150 za uji, limeshajaa kwa sehemu kubwa, na mama akirudi jioni mtoto ananyonya kidogo kisha anageuza uso. Mililita 450 hizo hizo zingekuwa maziwa ya mama, zingempa karibu kilokalori 300. Ule uji ulikuwa umefukuza kitu chenye nguvu mara nne au tano kuliko wenyewe.

Nilipomwambia dada aupike mzito, jibu lake lilikuwa la haraka: "Mama, huu mzito si utamkaba mtoto?" Hofu hiyo naisikia pia kwa mabibi wengi, na ina chanzo cha haki, kwa sababu mabonge hukaba. Ila uzito na mabonge ni vitu viwili. Uji mzito uliolainishwa vizuri, ukilishwa kwa kijiko kidogo mtoto akiwa ameketi wima, haukabi. Akitoa ulimi na kusukuma kijiko nje siku za mwanzo, anajifunza tu kumeza kitu kisicho maji. Kipimo cha jikoni ni kimoja: chota uji, inamisha kijiko. Ukimwagika kama chai, rudisha jikoni. Ukikaa kwenye kijiko na kuteremka taratibu, mpe.

Kwa hiyo tulipanga upya. Vijiko viwili vile vile vya unga, lakini ndani ya nusu kikombe, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kikitiwa mwishoni. Unga unatoa 70, mafuta 40, jumla 110. Milo miwili ya namna hiyo inafika 220, na pengo limezibwa kwa chakula kisichozidi mililita 250 kwa siku nzima. Maziwa yakabaki na nafasi yake. Chupa tuliiweka kando, kwani chakula cha mtoto ni cha bakuli na kijiko.

Hapa kuna kikwazo cha kweli ambacho ushauri wa kliniki hukiruka. Unga gramu 20 katika nusu kikombe ukishachemka huvimba na kunata, na mtoto mwingine anachoka kuumeza kabla hajashiba. Mafundi wa lishe wa nchi hii walishughulika na jambo hilo miaka ya 1980, na jibu walilolipigia debe lilikuwa tayari kwenye nyumba za wapika pombe: kimea. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili hadi uchipue, unaanikwa juani mpaka ukauke kabisa, vichipukizi vinapukuswa, kisha unasagwa. Kuchipua huamsha kimeng'enya kinachokata wanga. Uji mzito ukiepuliwa na kupoa kidogo, ukiwa bado wa moto lakini hautokoti, koroga ndani kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache uji uliosimama unalegea, na unga uliomo haujapungua hata punje. Urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kimekaa siku kadhaa kwenye unyevu na kina vijidudu. Anayetumia mtama badala ya ulezi aondoe vichipukizi vyote bila kubakisha, kwa kuwa vina sumu. Nafaka ikinuka uvundo, usiiokoe.

Neno kuhusu unga wa lishe wenyewe. Ule wa mchanganyiko wa nafaka saba, soya, karanga na kila kilichokuwapo sokoni siupendi. Si kwamba vyakula hivyo ni vibaya, bali mahindi au karanga zenye ukungu zikishasagwa huwezi tena kuziona. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Nunua nafaka nzima, ichambue kwa mkono, tupa punje zilizobadilika rangi, kisha saga kidogo kidogo. Aina moja au mbili za nafaka zinatosha. Ukamilifu wa mlo utatoka kwenye sufuria ya mchana.

Sufuria hiyo ndiyo inayoziba pengo la madini ya chuma. Kwa binti wa Mbagala, mchana ulikuwa wa viazi lishe au ndizi zilizopondwa laini kwa mtindo wa mtori, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha dagaa waliochambuliwa, kukaangwa bila mafuta na kusagwa kuwa unga. Siku nyingine ni maini ya kuku, yaliyoiva kabisa na kupondwa kwa uma. Mchuzi wa nyama peke yake haufai kuhesabiwa, kwani chuma kimebaki kwenye nyama. Mchicha uingie, kwa ajili ya mambo mengine, lakini usitegemewe kuziba pengo la chuma. Chumvi na sukari havihitajiki, na asali ni mwiko kabla ya mwaka mmoja kwa sababu yaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli ya mtoto.

Na maziwa je, mama akiwa dukani? Mtoto anayepata mililita 750 kwa saa 24 anatumia kama 30 kwa saa. Mama anayekuwa mbali kwa muda wa saa tisa huacha mililita 270, na mtoto akishaanza milo miwili ya mchana, 200 hutosha, kwa mafungu mawili ya 100 katika kikombe. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Dar es Salaam chumba hicho ni nadra, kwa hiyo yaingie kwenye friji mara moja. Mama anyonyeshe kabla ya kutoka, akirudi, na usiku. Na nyumbani, mtoto anyonye kwanza, kijiko kifuate. Uji nao usikae kwenye chupa ya chai tangu asubuhi hadi alasiri. Ukishakuwa vuguvugu, vijidudu huzaana. Usioliwa ndani ya saa mbili umwagwe.

Mtajuaje kwamba kiasi kinatosha? Nepi sita au zaidi zenye mkojo wa rangi hafifu zinaonyesha kwamba maji yanatosha, na hazisemi zaidi ya hapo. Mtoto wa Mbagala alikuwa akikojoa vizuri kila siku, kwa uji ule wa maji. Cha kutazama ni kadi: pima kila mwezi, na mstari ukilala mwezi mmoja, angalia sufuria kabla hujanunua vitamini.

Miezi inayofuata inakwenda haraka. Kuanzia tisa hadi kumi na moja, chakula kinafika nusu kikombe kamili, mara tatu au nne kwa siku, na sasa kisagwe kidogo tu au kikatwekatwe, maana mtoto anayelishwa vilivyosagwa laini hadi mwaka mzima huja kukataa kutafuna. Katikati ya milo apewe papai au ndizi mkononi. Wa maziwa ya kopo hushuka hadi kama mililita 600 kwa siku kwenye miezi saba hadi tisa, na kama 400 anapokaribia mwaka. Baada ya mwaka, mlo ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kuchukua nafasi ya kopo, lakini yasizidi nusu lita kwa siku. Mtoto anayekunywa lita nzima hushiba, ananenepa, na chuma chake kinaisha.

Wiki ijayo: mtoto anayefunga mdomo anapoona kijiko, na namna ya kulisha wakati wa homa na kuharisha.