Koti la Kileleni: Manyoya au Poliesta?

Usiku wa kuelekea Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, baridi hushuka chini ya sifuri. Hapo koti la manyoya laini ya bata hushinda kwa wepesi: kwa uzito uleule, hutunza joto kuliko lililojazwa nyuzi za poliesta, tena hukunjika likawa dogo.

Adui yake ni maji. Likilowa kwenye msitu wa chini, manyoya hushikana na joto hupotea. Poliesta iliyolowa bado hutia joto kiasi, na hukauka upesi.

Kufua ndiko kugumu. Manyoya hutaka sabuni isiyo kali, kisha saa kadhaa katika mashine ya kukaushia yenye moto mdogo, pamoja na mipira ya tenisi ya kuyatawanya. Ukipapasa ukakuta madonge, ndani bado kuna maji. Asiye na mashine hiyo achukue la poliesta.