Simu Isikae Mbali na Msemaji

Anayetaka kurekodi simulizi za bibi yake aghalabu huiweka simu katikati ya meza ya sebuleni, akabonyeza kitufe, na mazungumzo yakaanza. Akija kusikiliza, sauti ya bibi inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa tupu. Wengi huilaumu simu, lakini mara nyingi tatizo ni umbali.

Sauti ya msemaji huifikia simu kwa njia mbili. Moja hutoka mdomoni moja kwa moja. Nyingine hugonga kwanza kuta, vigae na dari, ndipo irudi ikiwa imechelewa kidogo. Ile ya kwanza hufifia haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, shinikizo lake hubaki nusu. Mwangwi hauna tabia hiyo, kwa kuwa umeenea chumba kizima. Basi simu iliyokuwa mita moja kutoka kwa bibi ukiisogeza hadi sentimita 20, yaani kama shubiri moja, sauti yake halisi huongezeka mara tano na mwangwi hubaki ulivyokuwa. Hakuna programu itakayokupa faida hiyo baadaye.

Kwenye simu nyingi maikrofoni kuu ni kitundu kidogo kilicho chini, karibu na pa kuchajia. Upande huo ndio umwelekee bibi, na kiganja kisiuzibe. Iweke kando kidogo ya mdomo ili pumzi ya herufi "p" na "b" isiipige. Kama simu inakaa mezani, tandika chini yake kanga iliyokunjwa, maana kila kikombe kinachowekwa pale husikika.

Kisha pima chumba: piga kofi moja, usikilize. Mlio ukiendelea kuvuma baada ya kofi, hamieni chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa. Zimeni feni pia. Mvua ikianza kupiga mabati, ni bora kusubiri.

Aina ya faili huja mwisho, kwa sababu haiponyi sauti iliyokwisha kuharibika. Saa moja ya WAV ya chaneli moja, kwa ubora wa kawaida, huchukua takriban MB 320. M4A ya kbps 128 huchukua kama MB 58, na kwa mazungumzo inatosha kabisa. Chagua WAV ukikusudia kuihariri sana au kuihifadhi kwa vizazi. Epuka AMR, ambayo kwa kawaida hukata sauti za juu, hata "s" na "f" zikakaribia kufanana. Na ukiituma kwa WhatsApp, iambatishe kama hati. Usiirekodi upya kama ujumbe wa sauti.

Kabla ya swali la kwanza, weka simu katika hali ya ndegeni, mwombe bibi ataje jina lake na alikozaliwa, kisha sikiliza kipande hicho kwa spika za masikioni. Kikiwa na mwangwi, sogeza simu.