Uniti Inayofuata Itoke Wapi?

Jua likizama, watu wanarudi nyumbani. Taa zinawashwa, pasi na feni zinachomekwa, na mzigo kwenye gridi unapanda dakika baada ya dakika. Umeme hauna ghala la kutosha kusubiria saa hiyo: unaotumika sasa lazima uzalishwe sasa. Ukipungua, mitambo yote inaanza kuzunguka polepole na masafa yanashuka chini ya hezi 50. Kwa hiyo msimamizi wa gridi hana budi kuamuru mtambo fulani uongeze nguvu. Swali ni upi.

Wengi wetu tungejibu upesi: ule wa bei nafuu, ujazwe hadi mwisho, kisha unaoufuata. Jibu hilo linapoteza fedha, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini.

Tuchukue mitambo mitatu inayochoma gesi, A, B na C, ambayo tayari imewashwa. Tarakimu ni za mfano, lakini tabia yake ndiyo ya mitambo halisi. Mhandisi anaupima kila mtambo ukiwa kwenye viwango mbalimbali vya nguvu, anaandika gesi iliyochomwa, kisha anauliza: kutoka hapa ulipo, uniti moja zaidi itaongeza shilingi ngapi kwenye bili ya gesi? Hiyo ndiyo gharama ya nyongeza. Ni tofauti na gharama ya wastani, ambayo inachanganya ndani yake gesi ambayo ingechomwa vyovyote vile, uongeze nguvu usiongeze. Katika mitambo yetu gharama ya nyongeza inapanda kadiri mtambo unavyobebeshwa. P ni megawati zinazozalishwa, na jibu ni shilingi kwa uniti:

```
A: 80 + 0.4P
B: 100 + 0.4P
C: 90 + 0.8P
```

Mzigo ni megawati 200. Tufuate kwanza njia ya kujaza. A ndio unaoanza kwa bei ya chini, na mwisho wake ni megawati 130, basi tunaupeleka huko. Zinabaki 70: tuseme B izalishe 40 na C izalishe 30. Sasa tazama uniti ya mwisho ya kila mtambo. Kwa A imegharimu shilingi 132, kwa B 116, kwa C 114. Kumbe mtambo tuliouita nafuu ndio unaotoa uniti ghali kuliko wenzake! Tukiupunguza A megawati moja na kuiongeza kwa C, wateja wanapata umeme uleule na gesi inayochomwa inapungua thamani.

Tuendelee kuhamisha hivyo hivyo. Kila tunapoupunguza A, uniti yake ya mwisho inashuka bei. Kila tunapowaongezea B na C, zao zinapanda. Faida ya kuhamisha inazidi kuwa ndogo, hadi inakwisha pale bei tatu zinapokutana. Zinakutana kwenye shilingi 122: A ikiwa na megawati 105, B 55 na C 40. Jumla ni 200. Wahandisi huiita bei hiyo ya pamoja lamda, herufi ya Kigiriki wanayoiandikia. Hapo hakuna tena uhamisho wenye faida. Ukilinganisha na mpango wa kujaza, tumeokoa shilingi 210,000 kwa kila saa, bila mteja kuzimiwa hata balbu moja.

Sharti lenyewe ni hilo tu: uniti inayofuata igharimu sawa popote itakapotoka. Halisemi mitambo igawane mzigo sawasawa. B na C hapa zinabeba mizigo tofauti, na bado zimekaa mahali pake.

Sasa saa mbili usiku imefika na mzigo ni megawati 300. Hesabu ileile inatoa lamda ya 138: A izalishe 145, B 95, C 60. Lakini A haiwezi kuvuka 130. Kikomo hicho hakikuwekwa na karani. Tabo ya gesi inazuiwa na joto ambalo chuma cha mapanga yake kinaweza kulistahimili, na pia na hewa inayoivuta. Nguvu inayotangazwa na mtengenezaji kwa kawaida hupimwa hewa ikiwa na nyuzi 15 za Selsiasi. Katika joto la pwani yetu hewa ni nyepesi zaidi, na mtambo uleule unatoa pungufu.

Basi A inafungwa kwenye 130, na hapa ndipo kosa la kawaida linapotokea. Mtu anachukua zile megawati 15 zilizokosekana na kuzibandika kwa B peke yake, au anazigawa nusu kwa nusu. Sivyo. A inatoka kwenye hesabu, na B na C zinaanza upya kuugawana mzigo wa 170 kwa sharti lilelile la bei sawa. Jibu: B 105, C 65, na lamda mpya ni 142.

Uniti ya mwisho ya A inagharimu 132, pungufu ya lamda kwa shilingi 10. Tofauti hiyo ina maana yake. Kama mafundi wangeweza kuipatia A megawati moja zaidi, kila saa ya mzigo huo ingeokoa kama shilingi 10,000. Kikomo kimepata bei, na mwenye mtambo anaweza kuilinganisha na gharama ya matengenezo au ya kupoza hewa inayoingia kwenye tabo.

Usiku wa manane mambo yanageuka. Mzigo umeshuka hadi 100, na hesabu inaitaka B izalishe 15 tu. Lakini kikomo chake cha chini ni 30. Chini ya hapo moto ndani ya tabo hautulii. Inafungwa kwenye 30. A na C zinagawana 70 zilizobaki: A 55, C 15, lamda ikiwa 102. Uniti ya mwisho ya B ni shilingi 112, yaani ghali kuliko za wenzake, nasi tunaivumilia kwa sababu haiwezi kushuka.

Kutokana na hali hizo mbili tunapata kipimo cha kukagua mpango wowote. Mtambo uliofungwa juu lazima bei yake isizidi lamda. Uliofungwa chini lazima isiwe pungufu ya lamda. Walio katikati wote wawe sawa nayo. Ukikuta mtambo umefungwa chini huku bei yake ikiwa ndogo kuliko lamda, ujue umesahauliwa hapo. B yetu, kwa mfano, inapaswa kufunguliwa alfajiri mzigo unapovuka megawati 137.5, kwa kuwa hapo ndipo lamda inapofika 112. Kwa sababu hiyo ukaguzi unarudiwa kila baada ya kufunga mtambo: lamda ikisogea, aliyefungwa mwanzo huenda hastahili tena kufungwa, na aliyekuwa huru huenda amefika mwisho wake.

Kama ingefaa kuizima B kabisa usiku ule ni swali jingine, lenye hesabu ya gesi ya kuiwasha tena na saa za kusubiri. Lakini kwa mitambo iliyokwisha washwa, msimamizi akiona mzigo unapanda, hatafuti mtambo nafuu. Anatafuta uniti nafuu inayofuata, na kila baada ya megawati chache jibu lake linabadilika.