Je, Ni Subira Iliyowafaulisha?

Huenda umeshasimuliwa kisa hiki kwenye semina ya malezi, kanisani, au na mwalimu wa mwanao. Mtoto wa miaka minne anaketishwa mbele ya meza yenye peremende moja laini, ile iitwayo mashimelo. Anaambiwa: ukila sasa, umepata moja; ukisubiri mpaka nirudi, nakupa mbili. Miaka inapita, na waliosubiri wanaonekana kufanya vizuri zaidi katika masomo kuliko walioshindwa. Basi, mzazi, mfundishe mwanao kusubiri na maisha yake yatanyooka.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Shaka iko kwenye hiyo sentensi ya mwisho, na kwa kuwa tumelelewa na msemo wa subira yavuta heri, tuliipokea bila kuihoji.

Utafiti huo ulianzishwa na mwanasaikolojia Walter Mischel kwenye shule ya chekechea ya Bing, iliyomo ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford, California, mwishoni mwa miaka ya 1960. Wengi hawajui kwamba lengo lake la kwanza halikuwa kutabiri maisha ya mtoto yeyote. Mischel alitaka kujua ni hali gani humsaidia mtoto kusubiri. Aliwagawa watoto katika makundi bila upendeleo, kwa kufuata bahati tu. Kundi moja liliachiwa zawadi wazi mbele ya macho, jingine zawadi zikafichwa. Katika jaribio alilolichapisha na Ebbe Ebbesen mwaka 1970, watoto wasioziona zawadi walisubiri zaidi ya dakika 11 kwa wastani. Waliozitazama zote mbili walisubiri kama dakika moja tu.

Hapo mtafiti ana haki ya kutamka neno “kusababisha”. Watoto waligawanywa kwa bahati, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kwamba matajiri, wapole au waliokwisha kula walirundikana upande mmoja. Kilichotofautiana kati ya makundi ni zawadi kuonekana au kutoonekana, na aliyeamua tofauti hiyo ni mtafiti mwenyewe.

Sehemu ya pili ya kisa, ile iliyosambaa duniani, ni utafiti wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1990 Yuichi Shoda, Mischel na Philip Peake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wale walipofika ujana. Dakika alizosubiri mtoto zililinganishwa na alama zake za SAT, mtihani unaotumika Marekani kuingilia vyuo. Uhusiano ulipatikana: kwenye kipimo ambacho 0 ni kukosa uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, sehemu ya lugha ilipata 0.42 na ya hesabu 0.57. Katika saikolojia hizo ni namba kubwa. Lakini zilitokana na watoto 35 tu, wale waliokuwa wameachiwa zawadi wazi bila kufundishwa mbinu yoyote ya kusubiri, na ambao alama zao zilipatikana. Watafiti wenyewe waliandika kwamba kwa uchache huo uhusiano unaweza kuwa umekuzwa kuliko ulivyo. Tahadhari hiyo ilipotea njiani.

Tena, safari hii hakuna aliyewagawa watoto. Mtafiti hakuamua nani asubiri na nani asisubiri. Kila mtoto aliingia chumbani na kiasi chake cha subira, na pamoja nacho akaingia na mama yake, kipato cha nyumba yao, vitabu alivyosomewa na wepesi wa akili yake. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya zile dakika zilizohesabiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone jinsi jambo la tatu linavyoweza kuzua uhusiano. Tuna watoto 200: 100 wa familia zenye nafasi na 100 wa familia maskini. Tuseme subira haiongezi hata alama moja katika mtihani. Kwenye nyumba zenye nafasi, watoto 80 wanasubiri na 20 hawasubiri, kisha asilimia 80 ya kila upande wanafaulu: 64 kati ya waliosubiri na 16 kati ya wasiosubiri. Kwenye nyumba maskini wanasubiri 30, hawasubiri 70, na asilimia 40 ya kila upande wanafaulu: 12 na 28. Sasa tusahau habari za kipato, tuwachanganye wote. Waliosubiri ni 110 na waliofaulu kati yao ni 76, yaani asilimia 69. Wasiosubiri ni 90, waliofaulu 44, yaani asilimia 49. Pengo la asilimia 20 limejitokeza, na subira haikufanya kazi yoyote. Kazi yote imefanywa na kipato, kilichowasukuma watoto kwenye kusubiri na kwenye kufaulu kwa wakati mmoja.

Angalia pia jinsi siri hiyo ilivyofichuka: tulipowatazama watoto wa hali moja peke yao, pengo likatoweka. Hivyo ndivyo watafiti wanavyofanya, ingawa wao hutumia hesabu zinazoweza kulinganisha mambo mengi kwa mpigo.

Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan waliifanya kazi hiyo kwa mashimelo. Walitumia kumbukumbu za watoto 918 kutoka sehemu mbalimbali za Marekani, waliopimwa wakiwa na miaka minne na nusu na kufuatiliwa hadi umri wa miaka 15. Tofauti na chekechea ya Bing, iliyojaa watoto wa jamii ya chuo kikuu, humu walikuwemo wa kila hali, na watafiti waliwatazama kwa karibu zaidi watoto 552 ambao mama zao hawakuwa na shahada. Muda wa kusubiri ulikuwa dakika saba. Kabla hata ya kufikia masomo, jambo moja lilijitokeza: watoto wa mama wenye shahada waliomaliza dakika zote saba walikuwa asilimia 68, na wa mama wasio na shahada asilimia 45.

Katika kundi hilo la 552, uhusiano kati ya kusubiri na alama za umri wa miaka 15 ulikuwa 0.28, kama nusu ya ule wa mwanzo. Kisha watafiti wakalinganisha watoto wanaofanana: kwa hali ya familia, kwa mazingira ya nyumbani na kwa uwezo wa akili uliokwisha kupimwa utotoni. Theluthi mbili ya uhusiano huo ikayeyuka. Kuhusu tabia, kama vile ukorofi au huzuni katika ujana, karibu hakuna kilichobaki hata tangu mwanzo.

Tusikimbilie upande wa pili, tukasema subira haina maana. Kulinganisha wanaofanana kuna hatari yake, na wataalamu waliokosoa utafiti wa 2018 waliielekeza hapo. Jambo la tatu halina budi kuwa limetangulia. Shahada ya mama ilikuwepo kabla mtoto hajaingia chumbani, kwa hiyo ni halali kuiondoa katika hesabu. Lakini uwezo wa akili wa mtoto wa miaka minne je? Pengine mtoto mwenye subira huketi na kitabu muda mrefu zaidi, na ndiyo maana anajua zaidi. Ikiwa ni hivyo, ujuzi huo ni matunda ya subira yenyewe, na ukiuondoa katika hesabu unaondoa njia ambayo subira ilipitia kufanya kazi. Namba peke yake haiwezi kukuambia kipi kilitangulia. Inabidi ujue maisha ya watoto yanavyokwenda, na hapa ndipo watu wenye nia njema na elimu sawa wanapotofautiana.

Mimi nadhani swali lenye faida zaidi ni lile lililoulizwa na Celeste Kidd na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester, kwa sababu walirudi kwenye kugawa kwa bahati. Waliwachukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya mashimelo, kila mtoto alipewa vifaa vya kuchorea visivyovutia na kuahidiwa vizuri zaidi akisubiri. Kwa nusu yao, mtu mzima alirudi na alichoahidi. Kwa nusu nyingine, alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba vimekwisha. Yakafuata mambo yaleyale kwa stika. Ndipo ikaja mashimelo. Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri dakika 12 kwa wastani. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika tatu. Katika watoto 14 wa kundi la kwanza, tisa walimaliza dakika zote 15. Katika kundi la pili, mmoja tu.

Hawa waligawanywa kwa bahati, kwa hiyo tunaweza kusema imani kwa mtu mzima ilibadilisha muda wa kusubiri. Mtoto anayekula upesi huenda hana upungufu wowote wa nidhamu. Amepiga hesabu, akaona ahadi ya huyu mtu si ya kutegemea. Utafiti huu hauthibitishi kwamba watoto wa nyumba maskini hula upesi kwa sababu hiyo, maana umaskini haukupimwa humo. Lakini unatuonyesha jambo la tatu ambalo kipimo cha dakika hakiwezi kulitenganisha na subira. Mischel mwenyewe alikuwa amelikaribia zamani: katika utafiti wake kisiwani Trinidad, uliochapishwa mwaka 1958, watoto walioishi bila baba nyumbani walielekea zaidi kuchagua peremende ndogo ya leo kuliko kubwa ya baadaye.

Kwa mzazi tofauti hii ni kubwa. Ukiamini subira ndiyo chanzo, utamfanyisha mtoto mazoezi ya kujizuia. Ukiona uwezekano kwamba dakika zile zilikuwa zikipima pia uhakika wa maisha nyumbani, utaanza na kutimiza unachomwahidi, na serikali itafikiria kipato cha familia kabla ya kununua mitaala ya kufundisha subira.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliowafuata watoto wa Bing hadi umri wa miaka arobaini na kitu. Daniel Benjamin aliuongoza, na Mischel, aliyefariki mwaka 2018, ni mmoja wa waandishi wake. Walipatikana watu 113, wakapimwa kwa vipimo 11, vikiwemo mali, kipato na elimu. Dakika za utotoni hazikutabiri matokeo hayo. Kilichoyatabiri kwa kiasi ni mkusanyiko wa vipimo vya kujitawala vilivyochukuliwa mara kadhaa tangu utoto hadi utu uzima. Nao huo ni uhusiano tu: hakuna aliyewagawa watu hao kwa bahati, na kipato cha wazazi wao, afya yao na kazi walizobahatika kupata vingali vinasubiri kuulizwa vilichangia nini.