Pale Data Inapoizidi Kumbukumbu ya Seva

Mfumo wa kukata tiketi umefanya kazi miaka minne bila kelele. Hakuna aliyegusa programu wala kubadili seva, lakini mwisho wa mwezi huu kurasa zinafunguka kwa sekunde nane. Fundi anatazama prosesa na kuikuta imekaa bila kazi kubwa. Kinachohema ni diski. Kwa anayetumia hifadhidata ya MySQL, dalili hizo mbili zikikutana, jambo la kwanza la kushuku ni bafa ya InnoDB.

InnoDB ndiyo sehemu ya MySQL inayotunza data yenyewe. Iliundwa na Heikki Tuuri wa Ufini, na tangu toleo la 5.5 ndiyo inayotumika bila kuchaguliwa. Haisomi safu mojamoja kutoka kwenye diski. Husoma ukurasa mzima wa kilobaiti 16, ikauweka kwenye eneo la kumbukumbu ililotengewa, na kila anayeutaka baadaye hupewa kutoka hapo. Eneo hilo ndilo bafa. Ni kama rafu ya duka na stoo ya nyuma: mteja akitaka sukari iliyo kwenye rafu anahudumiwa papo hapo, na isipokuwepo muuzaji huenda stoo, na rafu ikiwa imejaa hana budi kuondoa kitu kingine. InnoDB huondoa ukurasa ambao haujaguswa kwa muda mrefu.

Tofauti ya mwendo kati ya pande hizo mbili ni kubwa mno. Kusoma kutoka kwenye kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100. Diski ya kisasa isiyo na sahani huchukua mikrosekunde 100 hivi, yaani mara elfu moja zaidi, na diski ya sahani inayozunguka hufika milisekunde kadhaa. Kwa hiyo swali la maana si hifadhidata yako ina ukubwa gani. Hifadhidata ya gigabaiti 60 inaweza kuishi raha kwenye bafa ya gigabaiti 4, ikiwa watu wanagusa kurasa zilezile kila siku. La maana ni ukubwa wa zile kurasa zinazoguswa tena na tena katika kipindi cha kazi. Hizo zikitosha ndani ya bafa, diski hupumzika.

Hapa ndipo wengi wanapodanganywa na asilimia. Amri hii huonyesha vihesabio viwili tunavyovihitaji, pamoja na vingine vichache:

```
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_read%';
```

`Innodb_buffer_pool_read_requests` ni idadi ya mara ambazo ukurasa umeombwa. `Innodb_buffer_pool_reads` ni mara ambazo ukurasa haukukutwa kwenye bafa, ikabidi diski isomwe. Vyote viwili huhesabu tangu seva ilipowashwa, kwa hiyo kuvisoma mara moja hakukuambii lolote kuhusu leo. Visome, subiri dakika moja wakati wa msongamano, visome tena, kisha utoe.

Tuchukue seva ya mfano wetu. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 16, haifanyi kazi nyingine ila MySQL, na bafa yake imewekwa gigabaiti 8. Ndani ya dakika moja, maombi ya kurasa yaliongezeka kwa milioni 12 na usomaji wa diski kwa 120,000. Ukikokotoa, asilimia 99 ya maombi yalikutwa kwenye bafa. Asilimia 99 ni alama ya kupigiwa makofi shuleni, na ndiyo maana ripoti nyingi huishia hapo na kusema kumbukumbu inatosha. Lakini gawanya ile 120,000 kwa sekunde 60: diski inasomwa mara 2,000 kila sekunde. Ikiwa ni diski ya kukodi yenye kikomo cha operesheni 3,000 kwa sekunde, na uandishi nao unataka sehemu yake, umebaki pembamba sana. Maombi yakizidi kikomo hupanga foleni, na kila usomaji uliokuwa wa milisekunde moja huwa wa ishirini. Ndiyo sababu mfumo hauchoki polepole kadiri data inavyokua. Siku moja unaanguka tu.

Kwa hiyo ninashauri asilimia iachwe kabisa. Hesabu ya kusoma diski kwa sekunde, ikilinganishwa na uwezo wa diski yako, ndiyo inayosema kweli.

Basi tuongeze bafa. Kiasi gani? Kuna kanuni inayozunguka kwamba bafa ipewe asilimia 80 ya kumbukumbu. Kwa seva yetu hiyo ni karibu gigabaiti 13, nami naiona ni ya hatari kwa mashine ya ukubwa huo. Bafa haili kile tu ulichoiandikia. InnoDB hujitengea pia nafasi ya kuendeshea bafa yenyewe, na mwongozo wa MySQL unaikadiria kuwa asilimia 10 juu yake, hivyo 13 huwa zaidi ya 14. Mfumo endeshi unataka gigabaiti moja. Kila mtumiaji aliyeunganishwa naye hupewa nafasi yake ya kupangia na kuunganishia majedwali. Ni ndogo kwa mmoja, lakini mia moja wakiendesha ripoti nzito kwa pamoja huifanya iwe kubwa.

Ukikosea upande huo, adhabu ni mbaya kuliko polepole uliyokuwa nayo. Linux ikiishiwa kumbukumbu huanza kuhamishia kurasa kwenye diski, na hapo bafa iliyokusudiwa kukuepusha na diski inakuwa yenyewe iko diskini. Endesha `vmstat 1` utazame safu za `si` na `so`. Zikiwa zinaonyesha namba zaidi ya sifuri mfululizo, umevuka mpaka. Ikishindwa kabisa, Linux huchagua programu ya kuua, na kwenye seva ya hifadhidata iliyojaa zaidi ni `mysqld`. Atakayekuta MySQL imejiwasha upya usiku bila maelezo aangalie `dmesg`, atafute maneno `Out of memory`.

Kwa seva yetu, gigabaiti 11 ni kipimo cha busara: pamoja na gharama ya uendeshaji ni kama 12, na zinabaki nne. Tangu toleo la 5.7 mabadiliko haya hayahitaji kuzima seva, na toleo la 8.0 lilileta njia ya kuyahifadhi yasipotee ikiwashwa upya:

```
SET PERSIST innodb_buffer_pool_size = 11811160064;
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_resize_status';
```

Usishangae ukiandika kiasi kimoja ukapewa kingine. Bafa hukatwa kwa vipande vya megabaiti 128, na ikiwa imegawanywa sehemu nane, kama ilivyo kawaida katika 8.0 kwa bafa inayofika gigabaiti moja, ukubwa lazima ugawanyike kwa gigabaiti moja kamili. Ukiomba 11 na nusu, utapewa 12. Kwenye mashine iliyobanwa, nusu hiyo ni ya kuangaliwa.

Tuseme tumepima tena saa ileile ya msongamano, na usomaji umeshuka kutoka 2,000 hadi 500 kwa sekunde. Ile asilimia ya zamani ingepanda kutoka 99 hadi 99.75, tofauti ambayo hakuna anayeigeukia, ilhali kazi ya diski imebaki robo. Foleni imeisha na watumiaji wametulia. Lakini diski bado inasomwa, tiketi bado zinauzwa, na miezi michache ijayo tutarudi palepale. Kabla ya kuomba fedha za seva ya gigabaiti 32, kuna swali la kuuliza: kwa nini kazi ya mwezi mmoja ihitaji kumbukumbu yote hii?

Jedwali la tiketi lina safu milioni 60, kila moja ya baiti 200 hivi, jumla gigabaiti 12. Kwa siku huuzwa tiketi 40,000. Ukurasa mmoja hubeba safu kama 80, kwa hiyo tiketi za siku nzima zingetosha kwenye kurasa 500, yaani megabaiti 8. Za mwezi mzima zingetosha kwenye megabaiti 240. Hiyo si kitu mbele ya bafa ya gigabaiti 8.

Lakini InnoDB hupanga safu kwa mfuatano wa ufunguo mkuu, na aliyelijenga jedwali hili alichagua ufunguo wa UUID wa nasibu. Tiketi mbili zilizouzwa kwa kufuatana hazikai pamoja. Moja huangukia mwanzoni mwa jedwali na nyingine katikati. Tiketi 40,000 za leo zimetawanyika kwenye kurasa karibu 40,000, na ili kuzisoma zote lazima uingize kwenye bafa zaidi ya megabaiti 600. Mwezi mzima una tiketi milioni 1.2, na jedwali lina kurasa zisizofika laki nane. Ukizitawanya kwa nasibu, zitagusa zaidi ya robo tatu ya kurasa zote, yaani gigabaiti tisa na ushee. Ndiyo maana ripoti ya mwisho wa mwezi iliiangusha seva yenye bafa ya gigabaiti 8, na ndiyo maana 11 ziliipa nafuu. Kinachosomwa kwa faida ni megabaiti 240. Zilizobaki ni tiketi za miaka iliyopita zilizoletwa kwa sababu tu zimepanga chumba kimoja na za mwezi huu.

Dawa ni kuufanya ufunguo mkuu kuwa namba inayopanda, ya `AUTO_INCREMENT` aina ya `BIGINT`, na kuiacha UUID kwenye safu wima yake yenye faharasa ya kipekee. Data ya zamani ihamishwe kwa kufuata tarehe ya mauzo. Ukiongeza tu namba bila kupanga, mtawanyiko wa zamani utabaki ulivyo. Faharasa ya UUID yenyewe itaendelea kuwa ya nasibu, lakini ni nyembamba, gigabaiti 2 au 3 badala ya 12. Faharasa nyingine nazo hupungua, kwani kila moja hubeba nakala ya ufunguo mkuu, na namba ya baiti 8 ni nyepesi kuliko UUID, hasa ile iliyohifadhiwa kama maandishi ya herufi 36.

Gharama ipo. Jedwali zima huandikwa upya, kwa hiyo diski iwe na nafasi ya nakala ya pili, na kazi ifanywe usiku usio na wateja, baada ya kuijaribu kwenye nakala ya pembeni. Majedwali mengine yanayoirejelea tiketi kwa UUID hayana budi kufuatwa moja baada ya jingine. Ni kazi ya wiki, si ya alasiri moja. Mahali ambapo data imepangwa vizuri na bado kurasa zinazoguswa ni nyingi kuliko bafa, usijisumbue kutafuta hila: kumbukumbu ndiyo dawa, inunuliwe.

Na ukipima baada ya mabadiliko yoyote, usipime mara seva inapowashwa. Bafa huanza tupu. Tangu 5.7, MySQL huandika orodha ya kurasa inapozimwa na kuzirudisha inapowashwa, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida huandika asilimia 25 tu ya zile zilizotumika karibuni. Subiri hadi kazi ya kawaida ipite juu yake, hata siku nzima. Seva yako ikiwa bado ina afya, chukua vile vihesabio viwili leo saa ya msongamano na uviandike mahali, ili siku ya shida uwe na cha kulinganisha.