Namba 256 kwa Idara Sita

Tuchukue hospitali ya wilaya yenye idara sita: mapokezi, maabara, duka la dawa, wodi, uhasibu na utawala. Nyaya zimeshavutwa, swichi zinawaka taa, na fundi amepewa fungu moja la anwani, 192.168.10.0/24. Ni miongoni mwa anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia nyumbani au ofisini kwake bila kuomba ruhusa. Ndani ya fungu hilo mna namba 256, kuanzia 0 hadi 255. Kazi yake ni kuzigawa ili kila idara iwe na mtandao wake.

Kwa nini asiache wote wakae pamoja? Sababu inayotajwa mara nyingi ni kelele. Kompyuta inapomtafuta mwenzake hupaza sauti na kuuliza nani mwenye namba fulani, na kila kifaa kilichomo mtandaoni hulazimika kusikiliza. Lakini kwa vifaa mia na ushee, kelele hizo hazimuumizi mtu. Sababu nzito ni mipaka. Mitandao miwili haiwasiliani ila kwa kupitia ruta, na kwenye ruta ndipo unapoweza kuamua kwamba kompyuta za mapokezi zisione vitabu vya mhasibu.

Kilichoandikwa baada ya mkwaju, yaani ile 24, ndicho kiini cha hesabu yote. Anwani ya aina hii ni biti 32, sufuri na moja zilizopangwa mstari mmoja, nasi huziandika kwa mafungu manne ya biti nane ili macho yasichoke. Ile 24 inasema biti 24 za mwanzo ni jina la mtandao, na nane zinazobaki ni za vifaa. Biti nane zinaweza kupangika kwa namna 256, na ndiko idadi yetu ilikotoka.

Kugawa ni kuazima. Unachukua biti kutoka upande wa vifaa na kuzipeleka upande wa mtandao. Ukiazima moja unapata mitandao miwili, ukiazima mbili unapata minne, ukiazima tatu unapata minane. Hakuna njia ya kupata sita kamili kwa vipande vinavyolingana, kwa hiyo fundi wetu anaazima tatu, anapata minane, na miwili inakaa akiba. Biti za mtandao sasa ni 24 na 3, yaani 27. Za vifaa zimebaki tano, na tano hupangika kwa namna 32. Kila idara ina namba 32.

Sasa maski, ile namba ya pili ambayo kila kifaa huiuliza wakati wa kukipangia anwani. Maski huandikwa kwa kuweka moja kila penye biti ya mtandao na sufuri kila penye biti ya kifaa. Mafungu matatu ya mwanzo yamejaa moja tupu, na kila moja husomeka 255. Fungu la nne lina moja tatu zikifuatiwa na sufuri tano, yaani 11100000. Thamani za biti hizo tatu ni 128, 64 na 32, ukizijumlisha ni 224. Maski yetu basi ni 255.255.255.224. Wenye haraka hutumia njia ya mkato: 256 kutoa ukubwa wa kipande. 256 kutoa 32 ni 224, jibu ni lile lile.

Mipaka inafuata yenyewe kwa kuhesabu thelathini na mbili-mbili:

```
192.168.10.0/27     mapokezi
192.168.10.32/27    maabara
192.168.10.64/27    duka la dawa
192.168.10.96/27    wodi
192.168.10.128/27   uhasibu
192.168.10.160/27   utawala
192.168.10.192/27   akiba
192.168.10.224/27   akiba
```

Namba 32 si vifaa 32. Katika kila kipande, namba ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, na ya mwisho ni ya kutangazia wote kwa mpigo. Hizo mbili hazipewi kifaa chochote. Zinabaki 30, na moja kati ya hizo lazima iwe ya ruta, maana ndiyo lango la kutokea. Kwa hiyo duka la dawa, lenye 64 hadi 95, linaweza kutumia 65 hadi 94. Desturi ya mafundi wengi ni kuipa ruta namba ya kwanza inayotumika, hapa 65, nazo kompyuta na printa zikabaki na 29. Angalia hiyo 95: kwa macho ni namba kama nyingine yoyote, haina umbo la mwisho wa kitu. Ndiyo maana anayepanga kwa mkono bila kuandika mipaka yake pembeni huishia kuigawa.

Mgawanyo una gharama. Fungu lisilogawanywa lilikuwa na namba 254 za kutumika. Vipande vinane, kila kimoja na 30, vinatoa 240. Kumi na nne zimeliwa na mipaka, na nane nyingine zinakwenda kwa malango.

Wako wanafunzi waliofundishwa kwamba hata mitandao yenyewe hupunguzwa miwili, wa kwanza na wa mwisho, hivyo biti tatu hutoa sita tu. Hawakutunga. Waraka wa RFC 950 wa mwaka 1985, ulioweka utaratibu huu, ulielekeza hivyo, kwa sababu vifaa vya enzi hizo vingeweza kuchanganya mtandao mdogo wa kwanza na fungu zima. Mwaka 1995 RFC 1878 ikasema zuio hilo limepitwa na wakati. Bado linaonekana kwenye madaftari ya kozi, na sioni faida ya kulibeba: toa mbili kwenye vifaa, usitoe kitu kwenye mitandao.

Mtu akikutajia 192.168.10.117 na kukuuliza ni ya idara gani, gawa 117 kwa 32. Unapata 3 na baki. Zidisha 3 kwa 32, ni 96. Hiyo ni wodi, na mpaka wake wa juu ni namba moja kabla ya kipande kinachofuata, yaani 127. Kompyuta hufanya hivyo hivyo kwa njia ya biti: huipanga anwani juu ya maski, penye moja huacha biti ilivyo, penye sufuri huifuta.

```
117   01110101
224   11100000
 96   01100000
```

Hesabu hiyo kompyuta huifanya kila inapotaka kutuma kitu. Huipitisha anwani ya mwenzake kwenye maski yake yenyewe, kisha hulinganisha. Jina la mtandao likiwa moja na lake, humwita jirani moja kwa moja. Likiwa tofauti, humkabidhi ruta. Zingatia maneno “maski yake yenyewe”. Hakuna kifaa kinachoona maski ya mwingine, na hapo ndipo kosa linalosumbua kuliko yote huzaliwa.

Tuseme kompyuta moja ya duka la dawa ina anwani sahihi, 192.168.10.70, na lango sahihi, lakini imebaki na maski ya zamani, 255.255.255.0. Mfamasia anaona intaneti ipo. Printa ya pale dukani inachapa. Lakini seva ya majibu ya maabara, iliyoko 192.168.10.40, haifunguki kabisa, na kwa kuwa kila kitu kingine kinafanya kazi, lawama zinaangukia maabara. Kilichotokea ni kwamba kwa maski hiyo pana, kompyuta inaamini 40 ni jirani yake wa chumba kimoja. Inamwita, na kwa kuwa yuko ng'ambo ya ruta, hakuna anayeitika. Ya intaneti yanapita kwa sababu anwani za nje haziingii hata katika maski pana, hivyo hukabidhiwa ruta kama kawaida.

Namna ya kulitambua ni kukaa kwenye kompyuta hiyo yenyewe na kuandika `ping 192.168.10.40`. Kwenye Windows jibu hutokea kwa anwani ya kompyuta unayoitumia: `Reply from 192.168.10.70: Destination host unreachable`. Yaani imetafuta nyumbani, haikumkuta mtu. Ukijaribu kutokea maabara kuja dukani unapata `Request timed out`, kwa sababu swali linafika salama ila jibu linapotelea njiani. Majibu mawili tofauti kwa njia moja yanatosha kukufanya ufungue `ipconfig` na kusoma maski pande zote mbili. Tatizo ni kwamba ruta nyingine huwa na tabia ya kuitikia kwa niaba ya walio ng'ambo. Hizo hulificha kosa miaka na miaka, mpaka siku ruta inapobadilishwa.

Jambo jingine ambalo hesabu peke yake haiwezi kulifanya: namba hazijengi ukuta. Idara zote zikichomekwa kwenye swichi moja isiyogawanywa, kila mmoja atasikia matangazo ya wengine, na mjanja akibadilisha namba yake kwa mkono atahamia uhasibu. Swichi nayo lazima igawanywe ndani yake, kila idara na VLAN yake, na mtandao mmoja mdogo kwa kila VLAN.

Kugawa sawasawa kuna kikomo chake, na kikomo hicho hujitokeza pale idara moja inapokua kuliko nyingine. Wodi ikifikisha vifaa 41, kipande cha 30 hakitoshi. Ukiazima biti mbili badala ya tatu, kila kipande kinakuwa na 62 za kutumika, lakini vipande vinakuwa vinne tu na idara ni sita. Kama hakuna sehemu nyingine inayotumia 192.168.11.0, fundi anaweza kuyaunganisha mafungu mawili kuwa 192.168.10.0/23, lenye namba 512, kisha akaligawa kuwa vipande vinane vya /26, maski 255.255.255.192. Muungano huo unakubali 10 na 11, wala haukubali 11 na 12, kwa kuwa jozi lazima ianzie kwenye namba inayogawanyika kwa mbili.

Baada ya hapo mipaka inakwenda kwa 64. Mapokezi, duka la dawa na uhasibu wanabaki na anwani zao na malango yao, wanabadilishiwa maski peke yake. Maabara imeangukia ndani ya kipande cha mapokezi, wodi ndani ya cha duka la dawa, utawala ndani ya cha uhasibu, kwa hiyo hao watatu wanahama: wodi kwenda 192.168.10.192, maabara 192.168.11.0, utawala 192.168.11.64. Penye DHCP hiyo ni kazi ya usiku mmoja. Seva ya maabara na printa zilizopangiwa namba kwa mkono ndizo zitakazomfanya fundi apite chumba kwa chumba na karatasi yake, maana yoyote atakayoisahau itabaki na maski ya 224 na lango ambalo halipo tena.