Je, Wajua? Mshale wa Mausi Unaporuka au Kuganda

Je, wajua kwamba chini ya mausi yako kuna kamera? Ile taa nyekundu inamulika meza kutoka ubavuni ili nyuzi na mikwaruzo midogo itoe vivuli, na kamera inavipiga picha vivuli hivyo bila kupumzika. Kihisi kimoja kilichotumika kwenye mausi za bei nafuu, ADNS-2610 cha kampuni ya Agilent, hupiga picha 1,500 kwa sekunde. Kila picha ina vidoto 18 kwa 18, yaani 324 tu. Havitoshi kuonyesha sura ya mtu, lakini vinatosha kulinganisha picha hii na iliyotangulia: alama zimehamia upande gani, kwa kiasi gani? Jibu la swali hilo ndilo linalousogeza mshale kwenye skrini.

Je, wajua kwa nini mausi inahangaika juu ya kioo? Kioo safi hakina alama. Mwanga unapenya, picha zote zinafanana, na kihisi kinaanza kubahatisha. Meza ya vanishi inayong'aa nayo inasumbua, kwa sababu mwanga unarudi kwa mkupuo na kuvifuta vivuli. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote: weka karatasi nyeupe ya A4 chini ya mausi. Kwa macho yetu karatasi hiyo ni tupu, lakini kwa kamera iliyo karibu hivyo imejaa nyuzi. Mshale ukitulia juu ya karatasi, mausi yako ni nzima na mwenye kosa ni meza. Mwaka 2009 Logitech walitoa mausi za Darkfield zinazoweza kufanya kazi juu ya kioo chenye unene wa kuanzia milimita 4, lakini hizo ni za bei ya juu. Karatasi inatosha.

Je, wajua kwamba unywele mmoja unaweza kuutetemesha mshale hata kama hujaigusa mausi? Igeuze uangalie tundu la lenzi kwa mwanga wa kutoka pembeni. Unywele au uzi ulionasa humo huchezacheza mbele ya kamera, na kamera haina njia ya kujua kwamba kilichosogea ni unywele na si meza. Zima mausi, puliza, kisha pitisha kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti. Usichokoe kwa pini, maana lenzi ikikwaruzwa haitengenezeki.

Je, wajua kwamba namna mshale unavyokosea inakuonyesha pa kuanzia? Ukiona unatetemeka mausi ikiwa imetulia, au unakwenda upande ambao mkono haukwenda, anza na meza na lenzi. Ukiona unakwenda upande sahihi lakini kwa vipande, unakwama, unaruka mbele, unakwama tena, na mausi yako ni ya wailesi, basi kamera inaona vizuri ila taarifa zake hazifiki zote. Hapo angalia betri na risiva, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

Je, wajua kwamba diski ya nje inaweza kuizima sauti ya mausi? Hili ndilo linalowachosha watu zaidi, na wengi hununua mausi mpya bure. Mausi nyingi za wailesi huzungumza na risiva kwa masafa ya gigahezi 2.4. Bluetooth inatumia masafa hayo hayo, na Wi-Fi nyingi pia. Sasa USB 3.0 husafirisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo hutoa kelele za redio zinazotapakaa hadi kwenye masafa ya mausi. Intel walilieleza jambo hili katika waraka wa mwaka 2012. Kwa kuwa kelele hiyo iko ndani ya masafa yale yale, risiva haiwezi kuichuja bila kuichuja pia sauti ya mausi. Kinachosaidia ni umbali na kinga ya chuma kwenye waya na plagi.

Chukua mfano wa mpiga picha za harusi anayehamisha video. Laptopu yake ina matundu mawili ya USB yaliyopakana: moja lina diski ya nje, la pili lina risiva. Asubuhi mshale uko sawa. Akianza kunakili, unakwama. Video zikimalizika kunakiliwa, unapona wenyewe. Mwendo huo tayari ni ushahidi. Aichomoe diski kwa utaratibu, ausogeze mshale, kisha airudishe na kuanza kunakili tena. Ukikwama mara ya pili, mhusika amepatikana. Dawa ni kuihamishia risiva upande wa pili wa laptopu, au kuichomeka kwenye waya wa kurefusha USB na kuilaza mezani karibu na mausi. Waya wa USB 2.0 unafaa kabisa, kwani mausi haihitaji kasi kubwa. Tundu la USB 3 mara nyingi utalitambua kwa rangi ya buluu ndani au herufi SS pembeni yake.

Kwenye kompyuta ya mezani, risiva ikiwa nyuma ya boksi la chuma chini ya meza, mawimbi yake yanazuiwa na boksi lenyewe. Ilete mbele.

Je, wajua kwamba betri iliyochoka huweza kufufuka usiku na kufa tena mchana? Ikipumzika, nguvu yake hupanda kidogo, kwa hiyo mausi huwaka vizuri asubuhi na kuanza kukatikakatika baada ya matumizi. Usidanganyike na taa ya chini kuwaka. Soma maandishi kwenye betri: LR6 ni AA ya alkalini, R6 bila L ni ya kaboni, ambayo nguvu yake huyumba zaidi inapochoka. Fungua pia kifuniko uangalie vibati. Ukiona ukungu wa kijani au unga mweupe, betri imevuja, na hata betri mpya itakwamakwama hadi vibati visafishwe.

Je, wajua kwamba Windows yenyewe inaweza kulilaza tundu la USB ili kubana umeme? Mshale ukiganda kila unaporudi baada ya kuacha kompyuta kwa muda, fungua Device Manager, ingia kwenye Mice and other pointing devices, bofya mausi yako mara mbili, na ukikuta kichupo cha Power Management, ondoa alama kwenye:

```
Allow the computer to turn off this device to save power
```

Mausi ya wailesi kuchelewa kidogo kuamka inapoguswa ni kawaida. Inatunza betri.

Mwisho, zima mausi kabisa uitazame skrini. Mshale ukiendelea kurukaruka, mausi haihusiki. Kwenye laptopu, angalia kama padi ya kugusa ina unyevu, kisha iangalie kwa ubavu. Ikiwa imeinuka, haibonyezeki vizuri au kifuniko cha chini kimetuna, huenda betri ya ndani imevimba na inaisukuma padi kutoka chini. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto. Izime laptopu, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.